Usifunge kwa Tepu Waya wa Chaja Uliochanika Karibu na Kichwa

Kwa majuma matatu nilitumia chaja ya kompyuta mpakato ambayo waya wake ulikuwa umechanika sentimita mbili hivi kutoka kwenye kichwa kinachochomekwa kwenye kompyuta. Nilikuwa nimeuzungushia tepu nyeusi ya mafundi umeme mara tano au sita, nikaukaza vizuri, na kwa kuwa kompyuta iliendelea kuchaji nikaamini kwamba tatizo limekwisha. Jioni moja nikasikia harufu ya plastiki iliyopata moto, na nilipoigusa ile tepu ikaniunguza kidole. Nilichomoa chaja ukutani kabla ya kufanya jambo lingine lolote, nikaiacha ipoe, kisha nikaibandua tepu taratibu. Gundi yake ilikuwa imelainika na kuvutika kama asali, ganda la waya chini yake lilikuwa limekakamaa na kugeuka kahawia, na nyuzi chache za shaba zilizokuwa bado hazijakatika zilikuwa nyeusi kana kwamba zimepakwa masizi.

Ili kuelewa kilichotokea, inafaa kujua waya huo umeundwaje. Ukiutazama kwa nje unaonekana kuwa mmoja, lakini ndani yake kuna njia mbili kuu za umeme. Katikati hupita fungu la nyuzi nyembamba za shaba lenye ganda lake, na juu ya ganda hilo huzungushwa nyuzi nyingine nyingi zinazourudisha umeme kwenye adapta, ndipo likaja ganda la nje tunaloliona. Mahali waya unapoingia kwenye kichwa ndipo unapokunjwa kila siku, na kwa kuwa kichwa ni kigumu na waya ni laini, mkunjo wote huangukia kwenye eneo lile lile dogo. Nyuzi za nje hukatika moja baada ya nyingine, mara nyingi kabla ganda halijaonyesha ufa wowote, kwa hiyo siku unapouona mchaniko kwa macho huenda sehemu kubwa ya nyuzi imeshakatika.

Umeme ule ule uliokuwa ukipita kwenye nyuzi nyingi sasa hulazimika kupita kwenye nyuzi chache zilizobaki, au kuruka kati ya ncha zinazogusana kwa kubahatisha, na hapo ukinzani huongezeka. Chaja yangu ilitoa volti 19.5 na hadi ampea 3.33. Tuchukulie kwamba mahali palipochanika pamepata ukinzani wa nusu omu tu. Joto linalozalishwa hapo ni ampea zidisha ampea zidisha ukinzani, yaani 3.33 mara 3.33 mara 0.5, ambayo ni wati 5 na nusu hivi. Kiasi hicho kinaonekana kidogo, lakini kimekusanyika kwenye kipande cha waya kisichozidi urefu wa punje ya mahindi, tena kimefunikwa kwa tepu isiyoruhusu joto kutoka. Hilo linatosha kulilainisha ganda linalotenganisha nyuzi za ndani na za nje, na likilainika zaidi pande hizo mbili hugusana na kupiga shoti.

Jambo lililonishtua zaidi nilipolifikiria baadaye ni kwamba hakuna kinga yoyote ambayo ingeliona joto hilo. Pande mbili za waya zikigusana kabisa, adapta nzuri hujizima, na taa yake ndogo huzimika au huanza kuwaka na kuzima. Lakini waya unaopata moto kwa sababu ya nyuzi chache haujapiga shoti. Umeme unaopita ni wa kawaida, pengine hata umepungua kidogo, kwa hiyo adapta huona kila kitu kiko sawa. Swichi ya usalama ya nyumba nayo haitakatika, kwa maana haiwezi kutofautisha wati chache za hatari na wati chache za kazi. Vipimo vilivyobaki ni macho yako, pua yako na kidole chako, na tepu huondoa kile cha kwanza huku ikikidanganya cha tatu, kwa kuwa nje panaweza kuwa na uvuguvugu tu wakati ndani pameshapikika. Zaidi ya hayo, tepu haiurudishi uimara wa waya. Husogeza tu mkunjo hadi pale inapoishia, na baada ya muda waya huanza kukatika mahali hapo pia. Wapo wanaotumia tepu ya karatasi au ya kufungia vifurushi; hiyo ni mbaya zaidi, kwani haikutengenezwa kwa ajili ya umeme wala joto.

Hadi hapa nimezungumzia upande wa kompyuta, ambako volti ni ndogo na hatari kubwa ni moto. Ikiwa mchaniko uko kwenye waya unaotoka ukutani kwenda kwenye adapta, hatari ni nyingine kabisa, kwa sababu hapo pana umeme wa ukutani unaoweza kuua. Usiuguse ukiwa umechomekwa, na usijaribu kuufunga kwa kitu chochote. Katika adapta nyingi waya huo huchomoka, kwa hiyo unaweza kununua waya pekee wenye kichwa cha umbo lile lile na kuendelea kuitumia adapta yenyewe. Kichwa cha matundu matatu kibadilishwe kwa cha matundu matatu, kwani tundu la tatu ni la waya wa ardhini.

Zipo dalili zinazotangulia harufu, na laiti ningezisoma mapema. Alama ya kuchaji kwenye kioo ilikuwa ikitoweka na kurudi nilipoisogeza kompyuta. Mwanga wa kioo ulikuwa ukififia na kuongezeka wenyewe, kwani kompyuta hupunguza mwanga inapodhani imeachwa na betri peke yake. Siku za mwisho ilianza kuniambia kwamba haiitambui adapta, na ingawa iliendelea kuwaka, ilikataa kuijaza betri na ikawa nzito. Kompyuta za aina hiyo zina pini nyembamba katikati ya kichwa cha chaja, ambayo kazi yake ni kuijulisha kompyuta uwezo wa adapta, na waya wa pini hiyo, kwa wembamba wake, unaweza kukatika kabla ya zile nyingine. Ukiona mojawapo ya dalili hizi, usiutikise waya huku umeme ukiwa unapita ili kutafuta mahali unaposhika. Hifadhi kazi yako, chomoa ukutani, na utumie betri iliyobaki kumalizia lisiloweza kusubiri.

Nilimpelekea fundi chaja ile nikiwa na matumaini kwamba ataiokoa. Aliukagua waya, akaniambia, “Dada, kukata hapa na kuunganisha nyuzi kwa nyuzi sitakufanyia. Ningekuwa na waya mzima wenye kichwa chake ningeulehemu kuanzia ndani ya adapta, lakini sina.” Nilimheshimu kwa jibu hilo. Matengenezo yanayokubalika ni kuondoa waya wote ulioharibika na kulehemu mwingine wenye unene ule ule na mpira wa kuzuia mkunjo, na hiyo ni kazi ya mtu anayeijua, kwa sababu ndani ya adapta kuna sehemu zinazohifadhi umeme hata baada ya kuchomolewa. Kabla sijaondoka alimulika pia tundu la kompyuta kwa tochi. Hilo nalipendekeza sana, maana kama plastiki ya tundu imebadilika rangi au chuma chake kimelegea, chaja mpya nayo itapata moto pale pale.

Basi nikaenda kununua nyingine, na hapo nilijifunza kwamba kichwa kuingia kwenye tundu hakumaanishi kwamba chaja inafaa. Geuza adapta ya zamani usome karatasi yake. Kuna mstari wenye alama ya wimbi, huo ni wa umeme unaoingia kutoka ukutani; kuna na mstari wenye kistari kirefu ambacho chini yake pana vistari vitatu vifupi, huo ni wa umeme unaokwenda kwenye kompyuta, na ndio unaoutafuta. Volti za mstari huo zilingane na za chaja ya zamani. Tofauti ya nusu volti, kama ya 19 na 19.5, kwa kawaida haidhuru, lakini usivuke hapo. Ampea ziwe sawa au zaidi. Watu wengi huogopa ampea nyingi bila sababu, kwani kompyuta huvuta kiasi inachohitaji tu. Kinachodhuru ni ampea pungufu, kwa kuwa adapta ndogo hulazimishwa kufanya kazi iliyoizidi.

Niliwekewa adapta tatu mezani, zote zikiwa na kichwa kilichoingia vizuri kwenye kompyuta yangu. Ya kwanza ilisema volti 19.5 na ampea 2.31. Nilizidisha nikapata wati 45, wakati kompyuta yangu huhitaji 65, nikaiweka kando. Ya pili ilikuwa na 65 kwa maandishi makubwa juu ya ganda, lakini kwenye karatasi ya chini iliandikwa volti 19 na ampea 2.37, ambazo nazo ni wati 45. Maandishi yanayopingana kwenye kifaa kimoja yanatosha kuniambia kwamba aliyekitengeneza hakujali, na kama hakujali hesabu nyepesi namna hiyo, siwezi kuziamini kinga za ndani nisizoziona. Ya tatu ilisema volti 19.5 na ampea 4.62, yaani wati 90, ikiwa na jina la mtengenezaji, namba ya toleo na mchoro mdogo wa duara unaoonyesha kwamba chanya iko katikati, sawa na ile ya zamani. Niliichukua hiyo baada ya kuijaribu hapo hapo na kuona kwamba kompyuta inaitambua na betri inajaa.

Kwa wenye kompyuta zinazochajiwa kwa USB-C mambo ni mepesi kidogo, kwa sababu chaja na kompyuta hukubaliana volti kabla umeme mwingi haujaanza kupita. Hata hivyo waya wenyewe una kikomo: ule wa kawaida hubeba ampea 3, yaani wati 60 kwa volti 20, na kwa zaidi ya hapo lazima uwe waya uliotengenezwa kwa ampea 5. Uzuri ni kwamba mara nyingi waya huo huchomoka pande zote mbili, kwa hiyo ukichanika hubadilishi adapta.

Nilipofika nyumbani na chaja mpya, niliichaji kompyuta huku nikiitumia kwa saa moja, kisha nikagusa kichwa, waya na adapta. Adapta ilikuwa na joto la kawaida, waya na kichwa vilikuwa baridi. Ile ya zamani, ikiwa imechomolewa ukutani, niliukata waya wake kwa mkasi karibu kabisa na adapta, ili mtu mwingine wa nyumbani asije akaiokota kwenye droo, akaona tepu imekazwa vizuri, akaichomeka.