Kumhoji Mpita Njia Mbele ya Kamera: Namna Ninavyoomba Ridhaa

Ukimsimamisha mtu barabarani ukamwomba mahojiano, naye akajibu "sawa", alichokubali ni kusimama na kuzungumza nawe. Hajakubali sura yake ipandishwe mtandaoni, maneno yake yakatwe kuwa kipande cha sekunde 15, juu yake kiwekwe kichwa cha habari asichokijua, na kesho yake mwajiri wake atumiwe kiungo. Kila moja kati ya hayo lina ridhaa yake, na kazi ya mwenye kamera ni kuiomba kabla mambo hayajaharibika.

Wanaoanza kazi hii huniuliza kwanza habari za sheria. Si ni mahali pa umma? Si naruhusiwa? Katika nchi nyingi, kupiga picha mahali pa wazi kunaruhusiwa kwa jumla. Kuichapisha ni suala jingine. Mwaka 1998 Mahakama ya Juu ya Kanada iliamua shauri la binti aliyepigwa picha akiwa na umri wa miaka 17, ameketi kwenye ngazi za jengo mjini Montreal. Ilikuwa barabarani na picha yenyewe haikuwa ya aibu, ila jarida liliichapisha bila kumwuliza. Kwa kufuata sheria za jimbo la Quebec, mahakama ilikubali alipwe fidia ya dola 2,000. Nchi nyingine zina msimamo tofauti, kwa hiyo fahamu sheria ya mahali unaporekodi. Mimi nimechukua kipimo kilichotumika pale: kuna mtu aliyeingia kwenye picha kwa bahati tu, na kuna mtu ambaye ndiye picha yenyewe. Huyu wa pili anaulizwa.

Namna ya kuuliza ndiyo yenye kazi. Ninamwendea mtu nikiwa nimeshusha kamera, haijawashwa, na maiki iko mkononi, sijaielekeza kinywani mwake. Lenzi ikishakuwa usoni, wengi hukubali kwa sababu ya haya tu. Kukataa mbele ya kamera kunahitaji ujasiri ambao si kila mtu anao. Ninamwambia mimi ni nani, mada ni nini, video itapandishwa wapi, na kwamba anaweza kuruka swali lolote au kuondoka katikati. Halafu ninamwambia jambo ambalo wengi hulikwepa: ikishapanda, ninaweza kuifuta kwenye ukurasa wangu, lakini siwezi kufuta nakala ambazo watu wengine watakuwa wameshachukua. Wapo wanaoondoka wakisikia hivyo. Waache waende, afadhali kukosa mahojiano leo kuliko kumtafutia mtu balaa.

Akikubali, ninawasha kamera na kuuliza upya, na swali lenyewe silitungi ili lijibiwe kwa kutikisa kichwa. Ninamwambia, "Hebu nieleze kwa maneno yako, umeelewa video hii inaenda wapi na inahusu nini?" Hapo ndipo utakapogundua kwamba mmoja alidhani ni ya redio na sura haitaonekana, mwingine alidhani unatoka serikalini na majibu yake yatamletea msaada. Ukisikia jibu la namna hiyo, zima kamera, eleza tena, na uwe tayari ajiondoe. Ridhaa iliyorekodiwa hivi ina faida nyingine: inakaa kwenye faili lilelile la mahojiano, tofauti na karatasi ambayo hupotea na ambayo asiyesoma anaweza kuitia saini bila kujua ina nini.

Angalia pia aliyesimama karibu. Mfanyakazi anayejibu huku msimamizi wake anamtazama hana uhuru wa kukubali wala wa kukataa. Mlevi ridhaa yake ya sasa hivi usiitegemee. Mtoto anahitaji mzazi au mlezi aliyekubali, na mtoto mwenyewe akionyesha hataki, mzazi hamalizi hilo kwa niaba yake. Kama unatoa asante ya fedha au zawadi, isitajwe kabla ya mtu kuamua.

Nitoe mfano mmoja hadi mwisho. Nilimhoji kijana anayesafirisha vifurushi kwa pikipiki, mada ikiwa malipo ya kazi za aina hiyo. Alikubali vizuri, akaeleza alichoelewa, akaomba tu jina lake lisitajwe. Akazungumza kwa utulivu: malipo huchelewa, mafuta anajinunulia, na akimlalamikia msimamizi, ambaye alimtaja kwa jina, siku inayofuata hapewi kazi.

Ombi la kutotajwa jina ni dogo kwa maneno, lakini lina mengi ndani yake. Jina halitajwi, sawa. Tazama basi kilichobaki kwenye picha: namba ya pikipiki, nembo mgongoni mwa koti, karatasi iliyobandikwa kwenye kifurushi ikiwa na jina na anwani ya mteja, ambaye yeye hata hajui kwamba kuna mahojiano. Skrini ya simu yake kwenye usukani iliwaka mara mbili na ujumbe ukasomeka. Tena kuna lile jina la msimamizi: kwa wanaofanya kazi pale, kulitaja kunatosha kumtambulisha aliyelitaja.

Kwa hiyo baada ya mahojiano, kabla hatujaachana, tulikaa kando nikamrudishia kipande chote kwenye skrini ya kamera. Ninafanya hivi kila mada inapogusa kazi, ndoa, afya au ugomvi na mtu. Mtu akijisikia mwenyewe hubadili mawazo kwa namna ambayo huwezi kuitabiri. Yeye hakujali nembo. Kilichomshtua ni jina la msimamizi. "Hapo kaka toa, hapo nimejichoma," akasema. Nikaandika dakika na sekunde kwenye daftari mbele yake, nikampa namba yangu, na tukakubaliana siku ambayo video ingepanda, ili ajue muda alionao wa kubadili mawazo.

Alipiga kabla ya siku hiyo. Alikuwa amezungumza na mkewe, na sasa hakutaka sura ionekane kabisa, ila maneno alitaka yabaki. Kisheria mambo haya hutegemea ulipo. Sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kutumika mwaka 2018, inasema kuondoa ridhaa kuwe rahisi kama kuitoa, ingawa kazi za uandishi wa habari zimewekewa nafasi yake. Mimi sikuhitaji kifungu. Video haikuwa imepanda, na bila yeye kusingekuwa na habari.

Kuficha mtu, hata hivyo, ni kazi ambayo wengi huifanya nusu. Mwaka 2003 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua shauri la Mwingereza aliyenaswa na kamera za ulinzi barabarani usiku, mwaka 1995, akiwa na kisu, muda mfupi baada ya kujaribu kujiua. Kanda ikatolewa kwa vyombo vya habari kama mfano wa mafanikio ya kamera hizo. Mahali pengine uso haukuzibwa, pengine ulizibwa vibaya, na ndugu na marafiki wakamtambua. Mahakama ilisema haki yake ya faragha imevunjwa, ingawa alikuwa barabarani: mpita njia aliyemwona usiku ule ni mmoja wa wachache, na televisheni ni jambo jingine kabisa.

Tatizo la kuziba uso ni kwamba wanaokufahamu hawakutambui kwa uso peke yake. Wanakutambua kwa mwendo, umbo, nguo, jinsi unavyoshika kiuno ukiongea, na zaidi ya yote kwa sauti. Ukungu mwepesi juu ya uso hupungua nguvu mtu anapogeuka, na programu inayofuata uso humpoteza kwa fremu chache. Fremu moja iliyo wazi inatosha mtu kuisimamisha na kuipiga picha. Ukilazimika kuziba, tumia rangi nzito isiyopenyeka, iwe kubwa kuliko kichwa, kisha pitia fremu moja moja pale anapogeuka. Kuhusu sauti, kuishusha au kuipandisha tu hakutoshi, kwa kuwa mtu mwenye programu ya kawaida anaweza kuirudisha ilivyokuwa. Njia salama ni mtu mwingine kusoma maneno yale, na watazamaji waambiwe hivyo waziwazi.

Ndivyo tulivyofanya. Picha zake zote nikaziweka kando, nikarekodi upya mikono yangu mwenyewe ikifunga kamba kwenye maboksi matupu na gurudumu lililosimama, rafiki akasoma maneno, na mwanzoni mwa video tukaandika kwamba sauti si ya mhojiwa. Wengine watasema video ilipoteza nguvu. Ilipoteza, ndiyo, uso unaouma una nguvu kuliko boksi. Lakini nguvu ile ilikuwa yake, na alishaichukua.

Watu wa nyuma nao wasisahauliwe. Wengi wao ninawaondoa kwa kupanga tu mahali pa kusimama: mhojiwa awe na ukuta au kichaka mgongoni badala ya barabara, kamera iwe karibu, na nyuma paachwe pawe na ukungu wa lenzi. Anayekatiza kwa sekunde mbili akienda zake ni sehemu ya barabara. Akisimama akatazama, ukamvuta karibu, au ukambakiza kwenye uhariri kwa sababu anachekesha, ameshakuwa mada na hajaulizwa. Akikupungia mkono kukataa, usibishane naye habari za mahali pa umma. Geuza kamera, na ukihariri mwondoe. Na kuna mahali ambapo kuonekana tu ni taarifa: mlango wa kliniki, kituo cha wanaokimbia ukatili nyumbani, foleni ya msaada. Hapo hata migongo siirekodi bila wenyewe kujua.

Afisa wa umma aliye kazini, au anayetenda kosa mbele ya watu, simwombi ruhusa ya kumrekodi. Lakini aliyetendewa kosa hilo yuko kwenye picha ileile, na yeye ninamtafuta baadaye, nikimpata ninamwuliza, nisipompata ninamziba.

Faili la kijana wa pikipiki nilibaki nalo kwa muda tuliokubaliana, kama angehitaji kuthibitisha alichosema. Muda ulipoisha nikalifuta kwenye kadi ya kamera, kwenye kompyuta na kwenye hifadhi ya mtandaoni, ambako huwa linajipandisha lenyewe na watu husahau kulifuta. Kisha nikamtumia ujumbe kwamba limefutwa. Akajibu kwa kuniuliza kama ninamfahamu mtu anayetafuta dereva.