Umekosea tarakimu ya akaunti: barua kwa benki iliyopokea iandikwe hivi

"Wakuu, niko Dodoma. Jana nimetuma 1,850,000 benki kwenda benki, ya mzigo wa alizeti, nikageuza tarakimu mbili za mwisho. Imeingia kwa mtu nisiyemjua. Benki yangu wanasema niandike barua kwa benki iliyopokea. Naandika nini?"

Mkuu, kabla ya barua hakikisha benki yako imefungua lalamiko na kuwatumia wenzao ombi la kurudisha muamala. Omba namba ya lalamiko hilo, utaihitaji kwenye barua. Na waulize swali moja: muamala umekamilika au umekataliwa? Akaunti ingekuwa haipo, pesa ingerudi yenyewe na barua isingehitajika. Kama umekamilika, ujue akaunti ina mwenyewe, na hapo ndipo kazi ilipo.

Watu wengi wanaandika "naomba mnirudishie fedha zangu". Benki haiwezi. Ikishaingia kwenye akaunti ya mteja wao, hawaitoi bila ridhaa yake au amri ya mahakama, hata wakiona wazi kwamba umekosea. Wala hawatakupa jina lake au simu yake. Siri ya mteja inalindwa kisheria, kwa hiyo usigombane na dada wa dirishani. Wanachoweza ni kuzuia kiasi hicho kisitoke na kumpigia mteja wao. Basi omba hayo mawili, kwa maneno hayohayo.

Barua iwe ukurasa mmoja. Juu anwani yako na simu, tarehe, kisha "Meneja wa Tawi", jina la benki, Dodoma. Chini yake weka "Kupitia: Meneja wa Tawi" wa benki yako, agonge muhuri. Barua iliyopita benki yako inaaminika haraka kuliko ya mtu aliyeingia tu kutoka mtaani. Tawi lolote lao hapa mjini litaipokea, hata kama akaunti ilifunguliwa Singida. Mwili wake uwe hivi:

YAH: MUAMALA ULIOTUMWA KWA MAKOSA, SH. 1,850,000

Tarehe (…) saa (…) nilituma kiasi tajwa kutoka akaunti yangu namba (…) kwenda akaunti ya benki yenu inayoishia 4471. Niliyekusudia kumlipa ana akaunti inayoishia 4417. Kumbukumbu namba ya muamala ni (…), na lalamiko langu kwenye benki yangu ni namba (…).

Naomba: (1) mzuie kiasi hiki tu, au salio lililopo, (2) mwasiliane na mteja wenu apate kuridhia kwa maandishi fedha irudishwe kwenye akaunti ilikotoka, (3) nijibiwe kwa maandishi, hata kama amekataa.

Kwenye barua halisi andika namba za akaunti kamili, zote mbili. Ambatanisha taarifa ya akaunti yenye muhuri wa benki yako, nakala ya kitambulisho cha NIDA, na ankara ya mwenye alizeti inayoonyesha akaunti sahihi. Ankara ndiyo nguvu yako: mtu akiweka 4417 na 4471 pembeni, kosa linajieleza. Chapa nakala mbili, ya kwako igongwe "IMEPOKELEWA" na tarehe.

Usiandike kwamba umeibiwa. Ukiandika hivyo suala linakuwa la jinai, na maelezo yako mwenyewe yatapingana na ankara.

Kwa nini "au salio lililopo"? Chukulia jamaa alikuwa na 40,000, yako ikaingia, akatoa 300,000 kwa wakala kabla ya zuio. Tukiacha makato, zimebaki 1,590,000. Barua inayodai 1,850,000 tu inaweza kukaa mezani kwa sababu kiasi hicho hakipo. Akiridhia, unapokea hizo 1,590,000, na 260,000 mnaandikishana atalipa lini. Balaa kubwa zaidi ni akaunti yenye mkopo uliochelewa: mfumo unaweza kukata rejesho pesa ikigusa tu, bila mtu kuamua. Ndiyo maana barua iende leo, si Jumatatu.

Akikataa, lile jibu la maandishi (ombi namba 3) ndilo unaloenda nalo mahakamani. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 72, inamtaka aliyelipwa kwa makosa arudishe. Kwa kuwa jina lake huna, wakili ataiomba mahakama iielekeze benki ilitoe, na zuio liendelee mpaka shauri liishe.

Benki yako ikikaa na lalamiko bila kulituma, hapo sasa unalalamika Benki Kuu, na makao makuu yao yako hapohapo Dodoma. Nenda na ile nakala yenye muhuri. Ila ujue unamlalamikia benki wako kwa kukuchelewesha. Aliyepokea pesa ni suala la mahakama.