Usirudishe nyumba kwa sababu ya ndoto

"Wakuu, nahama Dar kwenda Dodoma mwisho wa mwezi, uhamisho wa kazi. Kodi ya miezi sita nimeshalipa. Kila usiku naota nafunga vyombo haviishi, na gari linapiga honi nje. Kuna mtu kaniambia ni ishara nisihame. Nimwambie mwenye nyumba anirudishie hela?"

Dada, weka simu chini kwanza. Usimpigie mwenye nyumba.

Ndoto yako naijua, nimeiota mimi. Yangu ilikuwa kabati la vikombe: natoa vikombe, navifunga kwenye magazeti, nikigeuka kabati limejaa tena, na utingo wa fuso anagonga dirisha. Nikampata "mtaalamu wa ndoto" kwenye grupu la WhatsApp, mzee wa sauti nzito, ananitumia sauti ndefu usiku wa manane. Akasema vyombo visivyoisha ni riziki inayokataa kuondoka, nikihama naiacha Dar. Alitaka elfu thelathini ya "kufungua njia", nikatuma. Kucheka nacheka sasa hivi, siku ile nilitoa hela huku namshukuru.

Nikamwambia mwenye nyumba wa Dodoma kwamba sihami. Miezi sita, laki moja na nusu kwa mwezi, yaani laki tisa. Akanijibu mkataba nimesaini, hela ameshanunulia mabati. Na uhamisho wa kazi haujui ndoto, kwa hiyo mwezi uliofuata nikaenda Dodoma hivyo hivyo, nikapanga chumba kibovu zaidi kwa bei ya juu maana nyumba yangu ilishapata mtu. Ndoto je? Iliendelea kama kawaida! Yule mzee nilipomuuliza akasema sikuwa na imani ya kutosha. Kisha akaniblok.

Hata kwa watu wa dini asingepita. Mhubiri 5:3 inasema ndoto huja kwa sababu ya shughuli nyingi. Mashehe nao wanafundisha ndoto ziko za aina tatu, na moja ni yale mtu anayoyasema mwenyewe moyoni. Mtu anayehama mwisho wa mwezi aote nini, harusi?

Na kwa nini kila usiku: usingizi wenye ndoto nyingi hurefuka kuelekea alfajiri. Ukiwa na wasiwasi unashtuka saa kumi, saa kumi na moja, unaikamata ndoto ikiwa katikati na unaikumbuka vizuri. Aliyelala fofofo naye huota, ila asubuhi hakumbuki.

Kilichonisaidia ni karatasi. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Baylor, Marekani, walilaza vijana 57 kwenye maabara ya usingizi. Kabla ya kulala, kundi moja liliandika kwa dakika tano mambo linayopaswa kufanya siku zijazo, jingine likaandika yaliyokwisha kufanyika. Walioandika ya mbele walisinzia mapema kwa dakika kama tisa, na kadiri orodha ilivyokuwa ya kina ndivyo walivyowahi. Walipima kusinzia, hawakupima ndoto, kwa hiyo sikuuzii dawa kama yule mzee.

Ila hapo kwenye "ya kina" ndipo penyewe. Mwanzoni niliandika "kufunga jikoni", haikusaidia kitu. Kufunga jikoni hakuna mwisho, ndiyo ile ile ndoto umeihamishia kwenye daftari. Andika jambo ambalo kesho unaweza kulikata kwa kalamu: sufuria kubwa mbili na sinia kwenye kiroba cha bluu. Friji lizimwe usiku wa kuamkia safari, maji yatoke. Kutoa regulata kwenye mtungi wa gesi. Kumpigia dereva Jumatano, kumuuliza kama wapakiaji wamo kwenye bei.

Nilipoandika hivyo ndipo likaibuka ambalo sikuwa nimeligusa kabisa: uhamisho wa mtoto shuleni. Nilikuwa nalikwepa kwa sababu mwalimu mkuu ni mkali. Nikaandika "Jumatatu saa mbili, ofisini, na barua". Usiku ule nililala. Ndoto ilirudi mara moja moja, lakini bila yule utingo.

Kwa hiyo leo, dakika tano, kalamu na karatasi, simu iwe mbali na kitanda. Lile linalokukaba kifua liandike la kwanza, na mbele yake siku na mtu wa kumuona. Ukishahamia, kama wiki zinapita bado unaamka unatweta au unaogopa kulala, nenda hospitali umuone daktari. Usitafute grupu.

Na kama mwenye nyumba ulishamgusia, mpigie asubuhi umwambie unakuja, kabla dalali hajampeleka mtu mwingine.