Wiki ya kwanza ya kupeleka samaki majumbani, Mtwara

"Wakuu, nipo Lindi mjini, nataka kuanza kupelekea watu samaki wabichi majumbani. Kabla sijanunua friza nataka nijaribu wiki moja. Kuna aliyewahi? Wateja walisemaje?"

Mkuu, mimi nilijaribu hapa Mtwara, nikiwachukua kwenye mnada wa samaki wa Feri na kupeleka mitaa ya Shangani, Ligula na Magomeni. Kila jioni niliandika kwenye daftari maneno ya wateja kama yalivyotoka midomoni mwao, na daftari hilo ndilo lililoniambia ninunue nini. Nakuwekea yaliyomo. Bei ni za wiki ile, kwa hiyo angalia hesabu zaidi kuliko bei zenyewe.

Jumatatu niliweka tangazo WhatsApp: changu, tasi na kolekole, wamekwanguliwa na kutolewa matumbo, wanafika mlangoni. Pongezi zilikuwa nyingi, "wazo zuri kaka", "tulikuwa tunakusubiri". Nikamwambia kila mmoja atume hela usiku ili alfajiri niingie mnadani na oda mkononi. Waliotuma ni wachache sana, na hao ndio niliowaandika daftarini. Anayesema atanunua bila kutuma hela usimhesabu, hata awe shemeji yako.

Jumanne asubuhi nilipeleka oda za kwanza. Mama mmoja wa Shangani alimpokea changu wake, akampima kwa mizani ya jikoni, akaniita: "Mwanangu, kilo na robo yangu haijatimia." Na kweli haikutimia. Changu yule mnadani alikuwa na kilo moja na robo. Ukitoa magamba, matamvua na matumbo, anabaki na kilo moja na kidogo, maana samaki wa aina hii hupoteza karibu moja ya sita ya uzito wake, na akiwa na mayai hupoteza zaidi. Mimi nilimnunua kwa 8,000 kwa kilo, yaani 10,000 mzima mzima. Nikimuuza kwa 11,000 kwa kilo kabla ya kukwanguliwa, napata 13,750. Nikimuuza kwa uzito wa baada ya kukwanguliwa, napata kama 11,500. Hapo ondoa barafu na bodaboda, hakuna kinachobaki. Tangu siku ile nampiga picha samaki akiwa juu ya mizani kabla kisu hakijamgusa, namtumia mwenyewe, na bei inafuata picha hiyo. Yule mama alipoanza kutumiwa picha hakupima tena.

Siku hiyohiyo mwingine aliuliza, "Kichwa kiko wapi?" Alidhani nimekiuza pembeni. Huku kwetu kichwa ndiyo supu, kwa hiyo toa matamvua lakini kichwa kiache mahali pake, labda mtu aagize vinginevyo.

Jumatano ndipo lilipokuja jambo ambalo sikulitegemea kabisa. Nilikuwa nafikisha samaki saa nne asubuhi nikiamini kwamba upya ndiyo kila kitu. Nesi mmoja wa Ligula akanijibu: "Saa nne nani atampokea? Watoto wako shule, mimi niko zamu. Niletee saa tisa na nusu nikitoka." Nikawauliza wengine walioagiza, walimu na watu wa maofisini, na karibu wote wakataja alasiri. Kumbe anayekwenda sokoni asubuhi hanihitaji, anachagua samaki wake mwenyewe na kupunguziwa bei. Anayenihitaji ni yule anayetoka kazini wakati meza za Feri zimebaki na samaki waliochoka.

Hapo nikaona dawa ni friza, kama wewe. Alhamisi nikawauliza wateja, na majibu yalifanana: "Wa friza simtaki, nyama inakuwa kama pamba." Mmoja alisema wazi kwamba akisikia nina friza atajua nauza wa juzi. Nikaingia kwenye barafu. Nilikopa deli kubwa kwa muuza juisi na kununua barafu ya vipande. Ipondeponde, tandaza chini, panga samaki tumbo likiangalia chini, funika na barafu nyingine. Kwa joto letu weka kilo ya barafu kwa kilo ya samaki. Toboa tundu dogo chini ili maji yatoke, maana samaki akilala kwenye maji ya damu ngozi inateleza na harufu inaanza. Wa alfajiri akikaa hivyo hadi saa tisa alasiri, jicho bado limejaa, na ukibonyeza nyama inarudi juu.

Angalizo moja la usalama. Jodari na vibua wasikae juani hata kidogo. Wakipata joto hutengeneza sumu inayomfanya mlaji awashwe mwili, uso uwe mwekundu na kichwa kigonge, na kupika hakuiondoi. Samaki anaweza asinuke kabisa na bado akawa nayo. Kama hujui alivyohifadhiwa tangu atoke majini, muache mnadani.

Ijumaa nilibadilisha namna ya kuuza, kwa sababu ukurasa wangu wa oda ulikuwa umejaa "nipe wa elfu tano", "nina elfu nane, nipatie nini?" Karibu hakuna aliyesema kilo. Nikaanza kupanga mafungu ya 5,000 na ya 8,000, nayapiga picha saa moja asubuhi, na mtu anachagua la kwake. Oda ziliongezeka siku hiyohiyo, na kelele za uzito zikaisha. Mama ntilie wawili nao walitaka, ila kwa maneno haya: "Nitakupa jioni nikishauza." Nilikataa kwa heshima, kwa sababu mnadani dalali hanisubiri jioni.

Jumamosi watu waliulizia pweza na sikuwa naye. Bahari ilikuwa imeingia maji mafu, maji hayatoki vya kutosha watu kwenda miambani. Pweza wengi huja wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu. Hapa ndipo wiki moja inapokudanganya: ukijaribu kwenye bamvua utaona pweza tele na kumuweka kwenye tangazo, wiki inayofuata unawaambia watu hakuna. Jaribu wiki mbili zinazofuatana ili uone maji yote mawili. Na ukianza kati ya Juni na Agosti, kusi likivuma, mashua ndogo zinaweza zisitoke, mnada unapanda bei na fungu lako la 5,000 linabaki na samaki mmoja. Waambie wateja mapema siku hiyohiyo, usiwapunguzie kimyakimya.

Nilipofunga hesabu, hela ya friza niliiacha ilipo. Nilinunua deli mbili, mizani ya kuning'iniza na visu viwili, na nikaelewana na bodaboda mmoja apite njia moja saa tisa na nusu badala ya kwenda na kurudi kwa kila oda, maana nauli ya oda mojamoja ndiyo iliyokuwa inakula faida kuliko kitu kingine chochote.

Kwa Lindi sijui watu wako wanatoka kazini saa ngapi wala wanaishi mitaa gani, kwa hiyo anza na hilo kwenye oda zako za kwanza: saa ngapi, nani atapokea, na una shilingi ngapi. Ukipata majibu yaweke hapa tuyaangalie pamoja kabla hujaingia dukani.