Koli nyepesi, faktire nzito: majibu kwa bauzaji ba Lubumbashi

*Yaya, kwa ajansi ya kutuma koli na ndege balipima vikapu vyangu mu balansi, kilo 7, bakaniambia dola 63. Kisha bananiandikia eti nalipa 216. Ni wizi?*

Mama, ule wa kontuari alisoma balansi tu. Kule mu depo katoni inapimwa tena, urefu, upana na kimo, na kwa picha ulinituma yako iko 60 kwa 50 kwa 40. Unazidisha zote tatu, inatoka sentimita kibe 120 000, unagawanya na 5000, inatoka kilo 24. Hiyo njo banaita pwa volimetriki. Kati ya kilo za balansi na kilo za volime, unalipa zile zinapita. Kilo moja ni dola 9, na 9 mara 24 ni 216, kwa hiyo hesabu yabo iko sawa, kosa liko pale kontuari, kutaja bei bila kushika metre. Na hii inaniuma sana, juu wewe ulishauza, kiliya alishalipa transpoti ya 63, sasa hauwezi kumurudilia umuombe 153 ingine. Ndege inaweza kujaa vikapu mbele uzito wake ufike, ndiyo sababu banauza nafasi.

*Kila ajansi inagawanya na 5000?*

Hapana. DHL na FedEx kwa koli za inje ya inchi banagawanya na 5000. Kargo ya kawaida ya ndege inagawanya na 6000, na ile katoni ya mama hapo juu ingehesabiwa kilo 20. Kwa hiyo usiulize tu "kilo moja ni ngapi", uliza pia banagawanya na ngapi, banapandisha namna gani nusu kilo, na kama uko na koli mbili banahesabu moja moja ao zote pamoja. Jibu baandike mu WhatsApp, maneno ya mudomo tu haitakusaidia siku ya faktire.

*Nilipima mi mwenyewe 40 kwa 40 kwa 40, bao banasema 43. Banadanganya?*

Pengine habadanganye. Ulipima katoni wapi, ikiwa tupu ao ikishafungwa? Juu ukisukuma nguo mpaka kifuniko kinavimba, mashine inapima pale tumbo la katoni linatokea, haipimi kwenye pembe. 40 mara tatu inatoa kilo 12,8, wengi banaandika 13. Ikivimba pande zote ikafika 43, inatoa karibu 15,9, ni 16. Kilo tatu zote umelipia hewa. Funga na skoch kwanza, weka kwenye sakafu, kisha upime pale imetokea zaidi, na hesabu na hiyo. Na uangalie katoni za zamani zenye zililowa mvua, zinalegea na kuvimba njiani hata kama hapa zilikuwa sawa.

*Mi nauza vikapu tu na vitu vyepesi. Nifanye namna gani?*

Hapa njo kazi yenyewe iko, na inaanza mbele ya kupaki, hata mbele ya kufuma. Ukifuma vikapu kwa saizi tatu, kidogo kinaingia mu cha katikati, cha katikati mu kikubwa, ile mzigo ya mama inaweza kuingia mu katoni ya 60 kwa 50 kwa 20. Sasa volime ni kilo 12, dola 108. Ona vizuri tena: balansi inasema 7 na unalipia 12, kwa hiyo uko na kilo 5 zenye ulishalipa na hazina kitu ndani. Tia sahani za shaba, zifunge mu gazeti uziweke mu tumbo la kikapu kidogo, ongeza mpaka balansi ifike karibu 12, bei haitapanda. Muuzaji wa vikapu na muuzaji wa shaba bangetuma pamoja kwa kiliya mumoja, bote bangepata.

Lakini usikate katoni mpaka kitu kinagusa ukuta. Vikapu vinavumilia, vyungu haviwezi, vile vinaomba nafasi ya kuvifungia na ile nafasi uiweke mu bei ya chungu.

*Nilishalipa na naona balikosa kupima. Naweza rudishiwa?*

Inawezekana kama uko na picha. Mbele ya kupeleka, piga picha tatu na metre ikionekana, moja kwa kila upande, na ya ine koli ikiwa mu balansi, namba ya koli ionekane. Kisha andikia ajansi, omba vipimo balipata depo na picha yabo, usilinganishe kilo, linganisha sentimita. Kama yao ni 60 na yako 60, ujue hauna kesi, kama yao ni 70 sukuma mara moja, usingoje koli ifike kwa kiliya afungue na atupe katoni.