Changarawe ya foraji ihesabiwe kwa ndoo

"Mchimbaji wa foraji, yaani kisima kirefu cha bomba, anasema alimimina changarawe kuzunguka bomba mpaka ikajaa. Mkataba udai nini zaidi?"

Ndugu, kujaa juu ni dalili nusu tu, kwa sababu changarawe hukwama njiani na kuacha pengo kando ya kichujio, ile sehemu ya bomba inayoingiza maji. Mkataba udai kiasi kilichomiminwa kiandikwe pamoja na kile kilichokokotolewa: tundu la milimita 250 lenye bomba la milimita 140 humeza takriban lita 34 kwa mita, yaani ndoo 34 za lita 20 kwa mita 20. Tundu letu hapa Lubumbashi lilipokea ndoo 21 tu, likatoa mchanga. Baada ya kusafisha kwa kompresa, kimo cha changarawe kipimwe tena, kwani hushuka, na iongezwe kabla ya kuziba kwa saruji.