Kwa vijana wa fildi: kabla hujaandika "utelekezaji", soma daftari la mahudhurio

Wiki iliyopita nimesoma ripoti sita za wanafunzi wetu wa mafunzo kwa vitendo. Zote zina miduara mitano ya Bronfenbrenner, yule mwanasaikolojia aliyeyapanga mazingira ya mtoto kwa tabaka, imechorwa vizuri kwa kalamu za rangi, mtoto katikati. Na katika zote sita, kwenye makrosistimu, yaani mila, imani na taratibu za jamii nzima, pameandikwa "mila potofu", kwenye mikrosistimu, yaani mahali mtoto alipo mwenyewe kila siku, "mzazi hana mwamko", kisha inakuja hukumu. Wadogo zangu, nawapenda, lakini ripoti hizo nimezirudisha. Nilizirudisha kwa sababu na mimi niliandika ya namna hiyo, na mtoto mmoja akaumia.

1. Usipaweke mahali kwenye mduara kabla hujajua mtoto huyu yuko wapi.

Mwanafunzi mmoja ameandika kwamba mwalo wa dagaa ni eksosistimu. Nikamuuliza, kwa mtoto yupi? Mtoto anayekwenda mwaloni mwenyewe kuanika na kufukuza ndege, mwalo kwake ni mikrosistimu, yumo ndani yake kwa mikono na miguu. Mtoto anayebaki nyumbani mama akienda mwaloni, mwalo ule ule kwake ni eksosistimu: hakanyagi pale, lakini saa za pale ndizo zinazopanga asubuhi yake. Hata mtoto mmoja hubadilika, likizo yumo, muhula ukianza hayumo.

2. Mesosistimu si watu, ni uhusiano kati ya mahali na mahali.

Wengi mnaorodhesha "mama, mwalimu, majirani" na kusonga mbele. Andika nani alizungumza na nani, lini, kwa lugha gani, na nani alibeba ujumbe. Kama jibu ni "hawajawahi", hicho ndicho kitu cha kuandika.

3. Soma daftari la mahudhurio kwa tarehe, usisome jumla.

Hapa ndipo nilipokosea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Nilikuwa mwaka wangu wa pili kazini, Ukerewe. Mwalimu wa darasa la tatu aliniletea jina la mvulana wa miaka 9. Mwezi mmoja alikosa siku 9, uliofuata siku 8. Nikaona ni utoro wa kudumu. Nilikwenda kwao mara moja, saa tatu asubuhi, nikamkuta yuko peke yake na mdogo wake wa mwaka mmoja na nusu, uji umepoa kwenye sufuria. Mama hayupo, baba alishaondoka siku nyingi. Nilirudi ofisini nikaandika "utelekezaji". Baada ya kikao na serikali ya kijiji, mama akakubali mtoto ahamie kwa shangazi yake Mwanza mjini. Nasema alikubali, lakini alikuwa amekaa kwenye benchi mbele ya wanaume wanne na mimi mwenye faili. Hakuuliza swali hata moja.

Kule mjini mahudhurio yakawa ya kila siku. Nilifurahi, nikaandika kwamba shauri limefanikiwa. Muhula ulipoisha shangazi akanipigia: mtoto anakojoa kitandani, haongei, na hesabu, somo alilokuwa analiweza kuliko yote, ameanguka kabisa.

Nilirudi kwa mama yake. Safari hii nilikaa kuanzia jioni. Alitoa daftari lake la biashara, ndoo za dagaa alizonunua, alizouza, anazodaiwa. Maandishi mengi yalikuwa ya mwanawe. Mama hakujua kuandika, lakini kichwani alikuwa na hesabu kali, na kila jioni walikaa wawili, yeye akitaja, mtoto akiandika, wakibishana mpaka jumla zikubaliane. Bronfenbrenner, katika maandishi yake ya baadaye, alisema injini ya makuzi ni michakato ya karibu: mtoto na mtu anayemjali wakifanya jambo pamoja, mara kwa mara, kwa muda mrefu, likizidi kuwa gumu kadiri mtoto anavyokua. Nilikuwa nimeikariri sentensi hiyo kwa ajili ya mtihani. Ilikuwa mbele yangu chini ya taa ya sola, nami nilikuwa nimeikata. Shangazi alikuwa mwema, lakini alirudi kazini saa tatu usiku, amechoka. Mtoto alipata dawati na kupoteza mtu wa kubishana naye.

Ndipo nikaomba daftari la mahudhurio tena, nikazipanga zile siku 17 kwa tarehe. Hazikutawanyika. Zilikaa kwa mafungu, halafu panakuwa na siku tisa kumi ambazo hakosi hata moja, kisha fungu jingine. Nikampelekea mvuvi mzee. Aliangalia kidogo tu akasema, "Hili ni giza, mwanangu. Na hapa ni mbalamwezi."

Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu taa haziwavuti, mitumbwi inapumzika. Giza likiingia, mitumbwi inarudi alfajiri, na wanawake lazima wawe mwaloni mapema wanunue na kuanika, maana dagaa asiyepata jua la siku ile huoza. Mama alitoka saa kumi usiku, akarudi kama saa tatu. Mvulana alibaki na mdogo wake. Mzunguko wa mwezi ni siku 29 na nusu, ndiyo maana jumla za mwezi wa kalenda ziliuficha.

Lakini saa tatu angeweza kwenda shule, sivyo? Nilimuuliza mvulana. Alisema mchelewaji huchapwa getini, kwa hiyo bora asiende kabisa. Eksosistimu ilimchelewesha masaa mawili tu. Sheria ya getini ndiyo iliyoyafanya kuwa siku nzima. Na mama hakuijua sheria ile, kwa kuwa barua za shule zilikuja kwa Kiswahili cha ofisini mkononi mwa mtoto mwenyewe, naye ndiye aliyekuwa msomaji wa nyumba.

Alirudi kwao. Bibi wa jirani alikubali kukaa na mdogo siku za giza kwa kopo la dagaa, na mwalimu akakubali kumpokea hata saa tatu. Hakuacha kukosa kabisa. Masika, dagaa wasipokauka, bado alipotea siku mbili tatu. Kukojoa kitandani kulichukua miezi kuisha, na hiyo ni juu yangu.

4. Utoro wa siku ile ile ya wiki, uliza gulio. Wa mafungu kama haya, uliza mwezi. Wa msimu, uliza shamba. Uliotawanyika, anza na afya, njaa na usalama wa mtoto nyumbani. Mpangilio unakuonyesha pa kuuliza, haukupi jibu. Utelekezaji wa kweli upo, na Sheria ya Mtoto ya 2009 inakutaka uchukue hatua.

5. Makrosistimu si mila za watu wa kijijini peke yake. Kalenda ya shule inayohesabu Januari mpaka Desemba bila kuutazama mwezi ni makrosistimu. Imani kwamba mchelewaji achapwe, vilevile. Na imani yangu kwamba mama mwema yuko nyumbani saa tatu asubuhi ilikuwa makrosistimu niliyoingia nayo mlangoni mwake.

Ripoti zenu ziko mezani kwangu. Kila mmoja aje na nakala ya daftari la mahudhurio la miezi mitatu, tarehe kwa tarehe, na awe amefika kwa familia angalau mara mbili, moja alfajiri na moja jioni. Yule mwalimu wa darasa la tatu sasa huchora kiduara kidogo kwa penseli pembeni mwa daftari lake kila mwezi unapokuwa mpevu.